Kuandika mwongozo wa kompyuta ambao karani wa mizani ataufuata peke yake

Mwongozo wangu wa kwanza niliuandika kwa ajili ya karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa zabibu, upande wa Hombolo. Ulikuwa na kurasa mbili na picha tatu. Hatua ya 4 ilisema hivi: "Ingiza uzito wa kila kreti, kisha jumlisha." Karani aliufuata vizuri kabisa. Alipofika kreti ya nne akaandika 20kg, kama anavyoandika kwenye daftari lake la mizani. Kompyuta haikumkataza. Jumla ilipotoka ilisoma 98, wakati kreti zote sita zilikuwa na kilo 118.

Kilo 20 za mkulima zilipotea bila onyo lolote kwenye skrini. Programu ya LibreOffice Calc, kama nyingine za aina yake, ikikuta herufi zimechanganyika na namba ndani ya kisanduku hukichukulia kisanduku kizima kuwa maandishi, na inapojumlisha inakiruka. Mimi nilijua hilo, karani hakujua, na mwongozo wangu haukumwambia. Tuligundua jioni, alipolinganisha na daftari.

Tangu siku ile kila mwongozo ninaouandika nauandika kwa namna moja: kila hatua inasema jambo moja la kufanya, halafu inasema msomaji ataona nini baada ya kulifanya. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayomwezesha mtu aliye peke yake ofisini kujua kama yuko njiani au amepotea. Hapa chini nitaonyesha kazi yote kwa mfano uleule wa kujumlisha kilo za zabibu, tangu kuandaa kompyuta hadi kuuchapisha mwongozo.

Andaa kompyuta iliyo kama ya msomaji

Usianze na kuandika. Anza na kompyuta. Ile unayoitumia kila siku imeshazoeana na wewe: umeshafunga vidirisha vya makaribisho, umepanga aikoni unavyotaka, na programu inakumbuka faili zako za jana. Msomaji wako ataifungua kwa mara ya kwanza na ataona vitu ambavyo wewe huvioni tena. LibreOffice, kwa mfano, humletea mgeni kidirisha kilichoandikwa Tip of the Day. Mimi nilikuwa nimekizima miaka iliyopita, kwa hiyo hakikuwamo kwenye mwongozo wangu. Karani alipokiona alidhani ameharibu kitu, akazima kompyuta.

Dawa yake ni kutengeneza akaunti mpya ya mtumiaji kwenye Windows na kufanyia kazi humo. Ndani ya akaunti mpya programu huamka kama imewekwa leo, na unakutana na yaleyale atakayokutana nayo msomaji. Inasaidia pia kwa faragha, kwa sababu picha za skrini hazitabeba majina ya faili zako wala ujumbe unaochungulia pembeni.

Ukiwa humo, bofya Help, kisha About LibreOffice, uandike namba ya toleo. Tangu mwanzo wa 2024 matoleo ya LibreOffice yanaitwa kwa mwaka na mwezi, hivyo 24.2 ni la Februari 2024. Namba hiyo utaiweka juu kabisa ya mwongozo pamoja na tarehe uliyoandika. Msomaji akiona menyu yake haifanani na picha, ataanza kwa kulinganisha namba hizo mbili.

Andaa na data ya kujaribia. Usipige picha ya orodha halisi ya wanachama, hata kama ndiyo iliyo karibu. Jina, namba ya simu na kilo alizouza mtu ni taarifa zake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Tunga wakulima sita, M01 hadi M06, na uwape kilo 18.5, 22, 19.5, 20, 17 na 21. Nimechagua namba zinazofanana na uzito wa kreti za kweli ili karani aone kazi yake, na nimechagua chache ili aweze kuhakiki jumla kwa kalamu. Zinatoa 118. Mfano ambao msomaji hawezi kuuhakiki mwenyewe humwachia kazi ya kuamini tu.

Fanya kazi yote mara moja huku ukiandika kila unachogusa

Sasa chukua karatasi na kalamu, si kompyuta nyingine. Fanya kazi polepole tangu mwanzo hadi mwisho. Kila unapobofya au kubonyeza kitu, andika. Usitegemee kumbukumbu, maana mikono ya mtu mzoefu hufanya mambo ambayo kichwa hakiyatambui. Mimi nilipojiangalia niligundua kwamba kila nikimaliza kuandika ndani ya kisanduku nabonyeza Enter bila kufikiri. Mgeni habonyezi. Anaandika namba, anaona imetokea, anachukua mausi kwenda kwingine, na kila kitu kinakwenda sawa mpaka siku anapoandika fomula na kubofya kisanduku kingine kabla ya Enter. Hapo badala ya kumaliza fomula anakuwa ameiongezea anwani asiyoitaka.

Karatasi yako itakuwa chafu na ndefu. Ndivyo inavyotakiwa. Kutoka humo ndipo unapokata hatua.

Kipimo changu cha hatua ni hiki: kitendo kimoja kinachoonekana kikibadilisha kitu kimoja kwenye skrini. "Andika Kilo, kisha bonyeza Enter" naihesabu hatua moja, kwa sababu nusu ya kwanza haina maana bila nusu ya pili. "Fungua programu, andika vichwa vya orodha, kisha uhifadhi" ni hatua tatu au zaidi zilizofungwa kwenye kifurushi kimoja, na msomaji akikwama hatajua amekwamia wapi. Hata wewe, akikupigia simu, hutajua.

Chagua maneno na usiyabadilishe

Kiswahili kimetupa maneno mawili mazuri ambayo watu huyachanganya bure: kubofya na kubonyeza. Mimi nayatenga. Kubofya ni kwa mausi, kubonyeza ni kwa kibodi. Naeleza hivyo mara moja juu ya mwongozo na sivunji ahadi hiyo mpaka mwisho. Msomaji akisoma "bonyeza" mkono wake unakwenda kwenye kibodi wenyewe.

Neno lililonitesa ni safu. Wapo wanaoliona ni mstari wa kulala na wapo wanaoliona ni wa kusimama. Vitabu vina safumlalo na safuwima, lakini karani wa mizani hana sababu ya kuzijua. Nimeacha yote matatu. Naandika "herufi B iliyo juu" na "namba 8 iliyo kushoto", kwa kuwa hizo anaziona kwa macho yake. Vivyo hivyo seli: kwenye jaribio la kwanza karani aliniuliza, "Mwalimu, hapa pameandikwa nibofye seli. Seli ndiyo ipi kati ya hizi?" Nikaandika kisanduku, na swali halikurudi tena.

Maneno yaliyo kwenye skrini ni habari nyingine. Hayo yanaandikwa yalivyo, herufi kwa herufi, kwa wino mzito. Kama kitufe kimeandikwa Save, usimwandikie msomaji "bofya Hifadhi", maana atatafuta neno Hifadhi na halipo. Andika: bofya Save, na kama ni lazima ongeza kwamba ndicho kitufe cha kuhifadhi. Na usiseme "bofya alama ya kujumlisha pale juu". Sema iko wapi: kwenye mstari ulio juu ya herufi A, B, C, kushoto mwa kidirisha kirefu cheupe.

Kuhusu adabu, naandika amri fupi bila "tafadhali" kila mstari, hata kama msomaji ni mtu mzima kuliko mimi. Heshima naiweka mwanzoni, ninapomweleza kazi itamchukua muda gani na atapata nini. Kwenye hatua zenyewe neno la kwanza liwe kitendo, kwa sababu msomaji anatupia jicho karatasi, anarudi kwenye skrini, kisha anatafuta tena alipoishia.

Mwongozo wenyewe ukoje

Huu ndio nilioufikisha kwa karani baada ya kusahihisha. Usome ukiangalia jinsi kila namba inavyobeba kitendo na ishara yake.

*Kujumlisha kilo za leo kwa LibreOffice Calc. Toleo 24.2. Ukimaliza utakuwa na jumla ya kilo zote zilizopimwa leo. Uwe na daftari la mizani. Mara ya kwanza jipe nusu saa. Kubofya ni kwa mausi, kubonyeza ni kwa kibodi. Wakati wowote kikitokea kidirisha kilichoandikwa Tip of the Day, bofya OK ndani yake uendelee, hakuna kilichoharibika.*

1. Bofya mara mbili, haraka, alama ya LibreOffice kwenye uso wa skrini. Litafunguka dirisha lenye orodha ya maneno upande wa kushoto. (Picha 1)
2. Kwenye orodha hiyo bofya Calc Spreadsheet. Utaona karatasi ya visanduku vingi. Juu yake kuna herufi A, B, C, na kushoto kuna namba 1, 2, 3.
3. Bofya kisanduku kilicho chini ya herufi A, kwenye namba 1. Mstari mzito utakizunguka, na kwenye kidirisha kidogo kilicho juu ya herufi A utasoma A1. (Picha 2)
4. Andika Mkulima, kisha bonyeza Tab. Mstari mzito utahamia kulia, kwenye B1.
5. Andika Kilo, kisha bonyeza Enter. Mstari mzito utarudi kushoto na kushuka, kwenye A2.
6. Soma kwanza: kwenye kilo andika namba peke yake, bila neno kg, na nusu iandikwe kwa nukta, mfano 18.5. Sasa andika M01, bonyeza Tab, andika 18.5, bonyeza Enter. Namba 18.5 itajisogeza upande wa kulia wa kisanduku chake.
7. Rudia hatua ya 6 kwa wakulima waliobaki: M02 kilo 22, M03 kilo 19.5, M04 kilo 20, M05 kilo 17, M06 kilo 21. Ukimaliza, M06 na kilo zake watakuwa kwenye namba 7.
8. Angalia kilo zote chini ya herufi B. Zote ziwe zimeegemea kulia. Ukiona iliyoegemea kushoto, bofya kisanduku chake, iandike upya bila herufi yoyote, bonyeza Enter. (Picha 3)
9. Bofya kisanduku kilicho chini ya herufi B, kwenye namba 8. Kwenye kidirisha kidogo utasoma B8.
10. Andika maneno haya kama yalivyo, bila nafasi ndani yake, kisha bonyeza Enter:

```
=SUM(B2:B7)
```

Kisanduku B8 kitaonyesha 118. (Picha 4)

11. Shikilia Ctrl, bonyeza S mara moja, kisha achia vyote. Litafunguka dirisha la kuhifadhi. (Picha 5)
12. Andika jina la faili, mfano kilo-leo, kisha bofya Save. Dirisha litafungwa, na juu kabisa ya skrini utasoma kilo-leo.ods.

Tazama hatua ya 6. Onyo limetangulia kitendo. Kwenye mwongozo wa zamani nilikuwa naandika "Kumbuka: usiandike kg" chini ya hatua, na msomaji analikuta akiwa ameshaandika. Mtu anayefuata hatua hasomi mbele. Anafanya anachokisoma, hapohapo.

Tazama na hatua ya 8. Haina jambo jipya la kufanya kama kila kitu ni kizuri, lakini ndiyo iliyookoa kilo 20. Calc husogeza namba kulia na maandishi kushoto bila kuambiwa, kwa hiyo jicho la karani linaweza kukamata kosa ambalo programu inalinyamazia. Kila kazi ina mahali kama hapo, ambapo makosa hupita kimya. Pale weka hatua nzima ya kuhakiki, uipe namba yake.

Baada ya hatua ya 12 niliongeza aya fupi ya yanayotokea sana. Ukiona `#NAME?`, umekosea herufi za SUM, kwa mfano umeandika SAM. Ukiona `Err:522`, umeandika B8 ndani ya mabano badala ya B7, hivyo kisanduku kinajaribu kujijumlisha chenyewe. Ukiona `=SUM(B2:B7)` imebaki ilivyo, bila namba, angalia kama kuna kitu kimeandikwa kabla ya alama ya sawasawa. Nimeyataja hayo matatu kwa sababu niliyaona kwa macho kwenye majaribio. Orodha ya makosa ishirini ya kufikirika ingemtisha bila kumsaidia.

Picha za skrini

Mwongozo wa hatua kumi na mbili umepata picha tano tu. Picha naiweka mahali ambapo maneno hayatoshi kumwonyesha mtu pa kubofya, au pale anapohitaji kulinganisha skrini yake na iliyo sahihi. "Andika Kilo, kisha bonyeza Enter" haihitaji picha. Ukiweka picha kila hatua, mwongozo wa kurasa tatu unakuwa wa kumi, na msomaji anaanza kufuata picha na kuyaacha maneno.

Kupiga ni hivi. Shikilia kitufe cha Windows pamoja na Shift, bonyeza S. Skrini itafifia. Buruta mausi kuzunguka sehemu unayotaka, uachie. Picha imeshanakiliwa. Fungua programu ya Paint, bonyeza Ctrl na V, nayo itatokea. Ukitaka kupiga menyu iliyo wazi na ikawa inajifunga kila ukijaribu, fungua Snipping Tool, weka icheleweshe sekunde 5, bofya New, kisha uifungue menyu ndani ya muda huo na kusubiri.

Usipige skrini nzima kisha ukaibandika. Hesabu yake ni rahisi. Kompyuta mpakato nyingi za ofisi zina skrini ya inchi 15.6, ambayo upana wake ni kama sentimita 34. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na ukiacha sentimita 2 kila upande zinabaki 17. Skrini nzima ikiingia humo inapungua nusu, na herufi za menyu, ambazo tangu mwanzo ni ndogo, zinakuwa hazisomeki. Kata sehemu inayohusika tu, kiasi cha theluthi au chini ya nusu ya upana wa skrini, na herufi zitabaki karibu na ukubwa wake.

Lakini usikate mpaka ukapoteza alama za njia. Picha ya kisanduku kimoja kilichosimama peke yake haimwambii mtu kiko wapi. Picha 3 kwenye mwongozo wangu inaonyesha kilo sita pamoja na herufi A na B juu na namba 1 hadi 8 kushoto. Ndani yake niliweka kwa makusudi 20kg moja iliyoegemea kushoto, nikaizungushia mstari, ili msomaji aone kosa linavyofanana kabla halijamtokea. Ndiyo picha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote.

Alama za kuelekeza ziweke ndani ya Paint. Mshale wa mausi kwa kawaida hauingii kwenye picha, kwa hiyo usiutegemee uonyeshe pa kubofya. Tumia kisanduku chenye mstari mnene kuzunguka kitufe, kimoja kwa kila picha. Zikihitajika alama mbili, zipe namba 1 na 2, si rangi mbili. Miongozo yetu mingi inachapwa steshenari kwa wino mweusi, kwa sababu chapa ya rangi ni ghali, na hapo nyekundu na kijani zote hugeuka kijivu kimoja. Ukiandika "bofya penye mduara wa kijani" umemwacha msomaji njiani.

Kama kuna jina au namba ya mtu iliyoingia kwa bahati mbaya, ifunike kwa kisanduku kilichojaa rangi ndani ya Paint kisha uhifadhi. Usiifunike kwa umbo uliloliweka juu ya picha ndani ya LibreOffice Writer, kwa sababu umbo hilo mtu anaweza kuliondoa. Kukata picha ndani ya Writer nako hakutoshi: sehemu iliyokatwa imefichwa tu, bado imo ndani ya faili.

Hifadhi kwa PNG, si JPEG. JPEG imetengenezwa kwa picha za watu na mandhari, na kwenye herufi ndogo huacha ukungu pembeni. Jina la faili lianze na namba ya picha, `03-kilo-kushoto.png`, na folda nzima uitunze hata baada ya kumaliza. Programu ikibadilika utataka kupiga picha moja tu upya, si zote.

Kubandika bila namba kuvurugika

Hapa watu wengi hukata tamaa, kwa hiyo nitaeleza taratibu. Unaandika hatua ndani ya Writer kwa orodha ya namba inayojihesabu yenyewe. Ukibonyeza Enter ili uweke picha chini ya hatua ya 3, Writer inadhani umeanza hatua ya 4, na picha inapewa namba yake. Ukiifuta namba hiyo kwa mkono, ukirudi siku nyingine kuongeza hatua unaanza kuhangaika na namba zisizofuatana.

Badala yake, mwisho wa sentensi ya hatua ya 3 shikilia Shift na ubonyeze Enter. Mstari unashuka lakini bado uko ndani ya hatua ileile. Weka picha hapo kwa Insert, kisha Image. Halafu bofya picha kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Anchor, kisha As Character. Kuanzia hapo Writer inaichukulia picha kama herufi kubwa moja iliyo ndani ya sentensi. Ukiongeza mstari juu, inashuka na hatua yake. Bila kufanya hivyo, picha ya hatua ya 3 siku moja utaikuta imelala juu ya maneno ya hatua ya 7.

Chini ya kila picha andika namba yake na maneno machache ya kinachoonekana: "Picha 3. Kilo ya M04 imeegemea kushoto, ina kosa." Ndani ya hatua itaje picha kwa namba. Usiandike "kama picha ya hapo chini", kwa sababu ukurasa ukigeuka picha haiko tena hapo chini.

Ukimaliza, toa PDF kwa File, Export As, Export as PDF. Kwenye dirisha litakalofunguka, sehemu ya Images, chagua Lossless compression. Usipofanya hivyo, picha zako za PNG zinaweza kugeuzwa JPEG kimyakimya, na ukungu ule uliokwepa unarudi mlango wa nyuma. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati, usipige picha za kurasa na kuzituma kama picha. WhatsApp huzibana, na herufi ndizo zinazoumia kwanza.

Kaa nyuma ya msomaji na unyamaze

Mwongozo haujakamilika mpaka mtu ambaye hajawahi kuifanya kazi hiyo aufuate mbele yako. Si mwenzako wa ofisini anayejua kompyuta. Tafuta mtu anayefanana na msomaji wako. Mimi nilikwenda na nakala tatu zilizochapwa kwa wino mweusi, kama ambavyo zingefika kwao.

Mpe karatasi, mweleze kwamba unaupima mwongozo wala humpimi yeye, kisha kaa nyuma yake ukiwa na nakala yako na kalamu. Usishike mausi. Usinyooshe kidole. Akikuuliza jambo, mwambie, "Karatasi inasemaje?" Akikosa jibu humo, usimwache ateseke: msaidie apite, lakini piga msalaba kwenye namba ya hatua hiyo. Anaposimama kusoma mara mbili, weka nukta pembeni. Anapobofya kwingine, andika alibofya wapi, kwa sababu huko ndiko maneno yako yalikompeleka.

Kunyamaza ni kugumu, hasa kwetu, ambako kumwangalia mtu mzima akihangaika bila kumsaidia kunaonekana ni kumkosea adabu. Ndiyo maana nasema mapema kwa nini nitakaa kimya, na naomba radhi kabla. Karani yule aliniambia, "Sawa mwalimu, ila nikikwama kabisa nitakuita." Aliniita mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa hatua ya 1: alibofya mara mbili lakini taratibu mno, na hakuna kilichofunguka. Ndipo neno "haraka" lilipoingia. Mara ya pili ilikuwa hatua ya 11. Nilikuwa nimeandika "Bonyeza Ctrl+S", naye akabonyeza Ctrl, akaachia, akabonyeza alama ya kujumlisha, kisha S. Alifanya sawasawa na nilichoandika. Sasa unajua kwa nini hatua ile inasema ashikilie, abonyeze, kisha aachie.

Nukta nilizoweka pembeni zilikuwa hatua ya 3, ambako hakuwa na uhakika kama yuko kwenye kisanduku chenyewe. Nikaongeza kidirisha kidogo kinachosoma A1, na picha. Siku iliyofuata nilimpa nakala mpya karani mwingine ambaye hakuwa ameiona ile ya kwanza. Usirudie kwa mtu yuleyule, maana ameshajifunza, na sasa atapita hata kwenye mwongozo mbovu. Huyu wa pili alifika hatua ya 12 bila kuniita, na akiwa hatua ya 8 alisimama mwenyewe, akasogea karibu na skrini, akafuta herufi mbili zilizofuata 20, na kubonyeza Enter.